Kazi ya Kihisi ni Kukataa

Nilirudi Dodoma kutoka msibani Tanga baada ya siku nne, nikakuta tangi la lita 500 halina hata tone na tuta la mwisho, lile la mchicha, limegeuka bwawa. Majani yalikuwa ya njano na yamelegea kana kwamba yamekosa maji, kumbe mizizi ilikuwa inaoza kwenye tope. Mita ya maji nyumbani ilikuwa imezunguka kwa namna ambayo sikuthubutu kumwonyesha mke wangu siku hiyo hiyo.

Aliyefanya uharibifu alikuwa kuku wa jirani. Alipekua tuta akitafuta wadudu, akaking'oa kihisi cha unyevu kilichokuwa kimechomekwa ardhini, akakiacha kimelala juani. Kihisi kilicholala juani huona ukavu mtupu. Kikaomba maji, vali ikafunguka, maji yakaingia kwenye udongo ambao kihisi hakikuwa tena ndani yake. Kikaendelea kuomba. Kila maji ya mgao yalipokuja, boya la tangi liliyapokea, na vali ikayamwaga bustanini usiku na mchana.

Kuku hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu na la fundi wangu, kijana wa mtaani anayetengeneza redio na kufunga sola. Tulimpa kihisi mamlaka ya kufungua maji. Tangu hapo nimejenga mfumo huo upya kwa kanuni moja tu: taima ndiyo inayofungua maji na kuyafunga kwa saa iliyopangwa, na kihisi kina haki ya kukataa, basi. Hakiwezi kuomba nyongeza. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanazunguka kanuni hiyo, maana watu wengi wanaofunga dripu ya kujiendesha wanaanza tulipoanzia sisi.

Bustani yenyewe ni ndogo. Ina matuta manne, kila moja lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 1, yaani mita za mraba 40 kwa jumla. Kuna nyanya, sukuma wiki, chainizi na mchicha. Tangi limekaa juu ya jukwaa la matofali lenye kimo cha mita 1.5. Maji yanashuka yakipitia koki ya mkono, kisha chujio, kisha vali ya umeme, ndipo yanaingia kwenye bomba kuu linalopita kwenye vichwa vya matuta. Kila tuta lina mipira miwili ya matone, ile myeusi inayolala bapa kama utepe ikiwa mitupu na kuvimba ikijaa. Matundu yake yako kila baada ya sentimita 30.

Kabla ya kununua taima wala kihisi, mtu anapaswa kujua bustani yake inakunywa kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mboga iliyokwisha kufunika tuta, katika kiangazi cha hapa kwetu, hutumia kama milimita 5 kwa siku, zaidi kidogo upepo ukiwa mkali. Milimita 5 mara mita za mraba 40 ni lita 200 kwa siku. Miche michanga haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo lita 200 ni kiwango cha juu, siyo cha kila siku. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu taima tutaipanga kwa kiwango cha juu na kumwachia kihisi kazi ya kupunguza.

Swali linalofuata ni je, lita 200 zinatoka kwa muda gani? Hapa wengi wanadanganywa na maandishi ya kwenye roli la mpira. Langu lilisema lita 1.6 kwa saa kwa kila tundu. Ni kweli, ila kwa msukumo wa ba 1, ambao ni sawa na tangi lililoinuliwa mita 10. Hakuna anayejenga mnara wa mita 10 kwa ajili ya mchicha. Na maji hayapungui sawasawa na kimo: ukipunguza msukumo mara nne, maji yanayotoka kwenye tundu yanapungua nusu. Kwa tangi langu la mita 1.5, tundu la lita 1.6 linabaki na takriban lita 0.6.

Usiniamini mimi, pima. Chimba vishimo vidogo chini ya matundu matatu: moja karibu na bomba kuu, moja katikati, moja mwishoni mwa mpira. Weka kikombe cha plastiki katika kila kishimo, fungua maji kwa dakika 6, kisha pima kilichoingia kwa bomba la sindano la famasi. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo zidisha kwa kumi. Mimi nilipata mililita 60 kikombe cha kwanza na 56 cha mwisho. Hiyo ni kama lita 0.6 kwa saa, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho ni ndogo. Kikombe cha mwisho kingekuwa na 40, ningejua mpira ni mrefu mno kwa msukumo ule, au umebonyea mahali, au umeziba.

Kila mpira wa mita 10 una matundu kama 33, na mipira yangu ni 8, kwa hiyo yote ni matundu 264. Mara lita 0.6, bustani nzima inapokea kama lita 158 kwa saa. Lita 200 zinahitaji basi dakika 76. Nikazifanya 80, nikazigawa mara mbili: dakika 40 alfajiri na dakika 40 jioni. Sababu ya kuzigawa nitaieleza tukifika kwa kihisi.

Vali ndiyo iliyotugharimu wiki mbili za kubishana, mimi na fundi. Alileta vali ya sumaku ya volti 12, ile ya plastiki nyeupe ambayo imo hata kwenye mashine za kufulia. Ni ya bei nafuu na inapatikana kila duka la vifaa vya umeme. Tulipoifunga ilifanya kazi vizuri. Kesho yake ikagoma. Tukajaza tangi ili tuichunguze, ikafanya kazi. Jioni ikagoma tena.

"Mzee, hii vali ina mapepo," fundi akasema.

Haikuwa na mapepo. Sumaku ya vali ya aina hiyo haina nguvu ya kuinua kiziba cha maji. Inafungua kitundu kidogo tu, kisha msukumo wa maji wenyewe ndio unaoinua utando wa mpira ulio ndani na kuruhusu maji kupita. Vali nyingi za namna hii zimeandikwa msukumo wa chini zinaohitaji, na wetu ulikuwa 0.02 MPa. Kwa lugha ya tangi, hizo ni mita 2 za maji. Jukwaa langu lina mita 1.5, na maji ndani ya tangi lililojaa yana kina cha sentimita 90 hivi. Tangi likijaa ninazo mita 2.4, vali inafunguka. Likishuka karibu nusu ninakuwa chini ya mita 2, utando hauinuki. Kwa hiyo vali inayofanya kazi tangi likiwa limejaa na kugoma likiwa nusu haijaharibika. Imewekwa mahali pasipo pake. Ina ubaya mwingine pia: kwa msukumo mdogo haijibani sawasawa inapofunga, inabaki ikivuja polepole usiku kucha.

Dawa yake ni vali ya tufe yenye mota. Ndani yake kuna tufe lenye tundu. Mota inalizungusha robo mzunguko mpaka tundu lielekeane na bomba. Haitegemei msukumo wa maji hata kidogo, na ikiwa wazi, maji yanapita bila kizuizi. Tafuta ile yenye waya mbili, inayofunguka ikipewa umeme na kujirudisha yenyewe kufunga umeme ukikatika. Tabia hiyo ya kujifunga ni ya thamani: betri ikifa, au panya akila waya, maji yanasimama. Bustani iliyokosa maji kwa siku mbili utaiokoa. Tangi lililomwagika halirudi. Tena vali ya sumaku inakula umeme muda wote ikiwa wazi, wakati hii ya mota inatumia umeme wa maana pale tu inapozunguka, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 na paneli ndogo ya sola vinatosha.

Wenye bomba la msukumo mkubwa moja kwa moja kutoka mtaani hawana shida hiyo ya vali ya sumaku. Wao wana shida ya kinyume: mipira ya matone hupasuka au kuchomoka kwenye viungio, kwa hiyo wanahitaji kipunguza msukumo. Mimi siwaonei wivu. Penye mgao, tangi linapaswa kuwepo kwa vyovyote.

Taima niliyo nayo ni ile ndogo ya volti 12 yenye kioo, inayoweza kupangwa kwa siku saba za wiki. Kuhusu taima nina onyo moja tu, na linatuhusu sisi Waswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Nilimwambia fundi afungue maji saa 12 asubuhi na saa 11 jioni. Akaandika 12:00 na 11:00. Wiki nzima bustani ikanywa saa 5 asubuhi na saa 6 mchana, jua la Dodoma likiwa kichwani, maji yakitoka kwenye mipira myeusi yakiwa ya moto kama ya kuoga mzazi. Aliyegundua ni mke wangu, aliyekwenda kuanua nguo na kukuta matuta yanatota adhuhuri. Taima inasoma saa 24: saa 12 asubuhi yetu ni 06:00, saa 11 jioni ni 17:00. Ukimaliza kupanga, hakikisha kioo kinaonyesha AUTO. Kikibaki kwenye ON, maji yanabaki wazi na mpango wako wote hausikilizwi.

Sasa tuje kwa kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Madukani ziko aina mbili zinazofanana bei na kutofautiana sana umri. Ya kwanza ina miguu miwili ya chuma inayong'aa kama uma. Inapitisha umeme kwenye udongo kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Udongo ukiwa na maji, umeme unapita kwa urahisi. Kwenye video inapendeza. Bustanini, umeme huo huo unaomung'unya chuma cha mguu mmoja, na baada ya wiki chache unakuta uma umeliwa na masomo yake hayana maana. Ukitia mbolea ya chumvichumvi, inadhani mvua imenyesha, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Usiinunue.

Ya pili ni ubapa mmoja mweusi au mweupe, usioonyesha chuma. Haipitishi umeme kwenye udongo. Inapima jinsi udongo unaoizunguka unavyohifadhi chaji, na maji huhifadhi chaji mara nyingi kuliko mchanga mkavu au hewa. Hiyo hudumu, ila ina udhaifu wa kiwandani: vijisehemu vya umeme vilivyo kichwani viko wazi, na kingo za ubapa zilizokatwa hunyonya maji taratibu. Fundi wangu alichukua rangi ya kucha ya dada yake, akapaka kingo zote mara tatu, akakivika kichwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kihisi hicho kimepita msimu wa mvua na bado kinasoma.

Mahali pa kukichomeka ni muhimu kuliko bei yake. Kihisi hiki kinaona milimita chache tu kutoka kwenye uso wake. Ukikichomeka kwenye udongo mgumu, kikayumba, kikaacha mwanya wa hewa ubavuni, kitasoma hewa hiyo na kukwambia udongo umekauka hata kama umelowa. Mimi natangulia na kisu kutengeneza njia nyembamba, namimina tope laini la udongo huo huo, kisha nasukuma kihisi taratibu bila kukitikisa. Kinakaa kwa mshazari, sentimita 10 kutoka kwenye tundu la matone, upande wa mmea, kichwa chake kikiwa nje. Hakikai tundu la kwanza wala la mwisho la mpira. Na kinakaa kwenye tuta la nyanya, lenye kiu kuliko mengine, kwa sababu kihisi kimoja kinasemea bustani nzima. Kikikaa kwenye tuta lenye kiu ndogo, kitakataa maji wakati nyanya bado zinayataka. Hilo ni pungufu la mfumo wa kihisi kimoja na sijui njia ya kulikwepa isipokuwa kuongeza vali na kihisi kwa kila tuta, jambo ambalo kwa mita 40 naliona ni anasa. Siku hizi juu yake kuna kipande cha wavu wa dirisha. Ni kwa ajili ya kuku.

Umbali huo wa sentimita 10 unategemea udongo. Tone linapoanguka kwenye mchanga, maji yanashuka chini upesi na kulowesha sehemu nyembamba yenye umbo la karoti. Kwenye mfinyanzi yanatambaa kando na kufanya umbo la kitunguu. Kwa hiyo penye mchanga, sogeza kihisi karibu na tundu, na ununue mpira wenye matundu ya kila sentimita 20. Ukitaka kuona umbo la kwako, fungua maji dakika 40, subiri saa moja, kisha kata udongo kwa jembe kando ya tundu moja. Rangi ya ulowevu itaonekana wazi.

Kihisi kinaungana na kibao kidogo chenye skrubu ya kurekebishia, taa na relei. Watu huniuliza skrubu iwekwe kwenye namba ngapi. Hakuna namba, kwa sababu kila udongo una masomo yake, na hata vihisi viwili vya pakiti moja hutofautiana. Nilifanya hivi: nililowesha tuta mpaka likashiba, nikaliacha usiku kucha maji ya ziada yashuke. Kisha sikumwagilia. Kila asubuhi nilichukua udongo wa kina cha kiganja kutoka jirani na kihisi, nikaufinya. Siku ya kwanza ulishikamana na kuacha unyevu mkononi. Siku ya pili ulishikamana bila kulowesha. Siku ya tatu donge lilikuwa linasimama lakini likiguswa kwa kidole linapasuka. Hapo ndipo mkulima yeyote angesema tuta linataka maji, na nyanya zilikuwa bado hazijalegea. Nikageuza skrubu polepole mpaka taa ikabadilika, nikaiacha hapo hapo. Kiganja changu ndicho kilichokifundisha kihisi.

Waya zenyewe ni rahisi kuliko maelezo. Umeme wa betri unaingia kwenye taima. Kutoka taima unapita kwenye relei ya kibao. Kutoka relei ndipo unafika kwenye vali. Ni kama swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja wa taa: zote mbili ziwe zimewashwa ndipo taa iwake. Saa 12 asubuhi taima inawasha ya kwanza. Udongo ukiwa mkavu, kihisi kimewasha ya pili, na maji yanatoka. Udongo ukiwa umelowa kwa mvua ya jana, swichi ya pili imezimwa, taima inahesabu dakika zake 40 bure na tangi halipungui. Na kuku akiking'oa kihisi leo, hasara yake ni dakika 80 kwa siku, lita 200 zile zile. Bustani itakunywa kama siku ya kiangazi. Bwawa halitokei.

Sababu ya kugawa maji mara mbili iko hapa pia. Maji yanachukua muda kutoka kwenye tundu hadi kwenye kihisi. Ukiyafungua dakika 80 mfululizo, kihisi kinapata habari wakati maji mengi yamekwisha kushuka chini ya mizizi, na kukataa kwake hakusaidii tena. Ukigawa, maji ya alfajiri yanapata siku nzima ya kusambaa, na jioni kihisi kinajibu kwa ukweli. Kwangu, katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, jioni nyingi kinakataa.

Utakutana na tatizo moja la kelele: udongo unapofika mpakani kabisa, relei inaanza kulia tik-tik-tik, ikiwasha na kuzima. Vali inafungua na kufunga bila mpango na mota yake inachoka. Vibao bora vina mipaka miwili, mmoja wa kuruhusu na mwingine wa kukataa, vikiwa na nafasi kati yake. Kama una uchaguzi, lipia hicho.

Wazo la kifaa kinachomwambia mkulima "bado" siyo geni Tanzania. Katika skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, mkoani Iringa, wakulima walipewa katika miaka ya 2010 kifaa kilichobuniwa Australia kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga. Kinaonyesha taa ya bluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa wa wastani, nyekundu ukiwa mkavu. Hakipimi wingi wa maji. Kinapima mzizi unatumia nguvu kiasi gani kuyanyonya, kipimo ambacho ni bora kuliko cha kihisi changu, kwa kuwa mfinyanzi unaweza kuwa na maji mengi na bado ukayang'ang'ania. Walichojifunza wengi kule ni kwamba walikuwa wakimwagilia mara nyingi kupita mahitaji, na maji ya ziada yalikuwa yakiishusha mbolea chini ya mizizi. Hakuna vali wala taima pale. Kuna taa na mtu anayeisoma. Mwenye muda wa kuwa bustanini kila siku hahitaji zaidi ya hapo, na nadhani angejifunza mengi kuliko mimi.

Yaliyobaki ni usafi, na hapa ndipo mifumo mingi inakufa kimyakimya, kwa sababu kihisi hakijui kama matundu yameziba isipokuwa lile lililo karibu nacho. Maji yetu yana chokaa. Birika la chai ni shahidi. Chokaa hiyo hukauka kwenye matundu. Kila Jumamosi nafungua ncha za mipira yote, naacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe, kisha naosha chujio. Kila baada ya miezi mitatu narudia vile vikombe vitatu. Tangi liwe jeusi au lifunikwe, maana mwanga ukiingia ukijani unaota ndani na kuishia kwenye chujio. Mbolea ya DAP usiitie kwenye tangi hata ukiikoroga vipi: fosfati yake ikikutana na chokaa ya maji inaganda kuwa unga mweupe, na unga huo utaziba matundu usiyoweza kuyazibua. Itie kwenye udongo kwa mkono.

Ukifunga mfumo wako, usisafiri kabla ya kuujaribu kwa ubaya. Ng'oa kihisi ukiache juani, uone kama vali inafunguka kwa zamu ya taima tu na kufunga dakika zake zikiisha. Kitumbukize kwenye kikombe cha maji hadi ule mstari wake wa juu, uone kama inakataa. Chomoa waya wa kihisi kabisa. Vibao vingi hapo hudhani udongo umekauka, nawe unapaswa kujua chako kinadhani nini. Mwisho, toa betri maji yakiwa yanatiririka, uhesabu sekunde ngapi vali inachukua kujifunga. Yangu ilichukua kama sekunde 10.